Faili lililo mikononi: kwa nini sasisho moja hudai kompyuta iwashwe upya na jingine halidai

Tangu tuanze kusambaza masasisho ya usalama kwa kompyuta za idara zote, dawati letu la TEHAMA limepokea lalamiko moja kwa sura nyingi: apdeti ya juzi iliingia kimya kimya, ya leo inataka mashine iwashwe upya katikati ya kazi, je, mnatuonea? Hatumwonei mtu. Kinachoamua ni kama faili linalobadilishwa linatumika wakati huo au la.

Fikiria masjala. Jalada likiwa mezani kwa afisa, mtunza masjala hawezi kulibadilisha; atasubiri lirudishwe. Windows hufanya hivyo hivyo. Programu ikiwa inaendeshwa, faili lake la .exe na yale ya .dll inayoyategemea hushikiliwa, na mfumo haukubali yafutwe wala yaandikwe upya mpaka yaachiwe. Sasisho likigusa programu moja tu, utaombwa uifunge, faili libadilishwe, basi.

Lakini yapo mafaili ambayo hayarudi masjala kamwe mashine ikiwa inafanya kazi: kiini cha mfumo na draiva nyingi hushikiliwa tangu mashine inapowaka. Kwa hayo, njia mojawapo ni kuliweka faili jipya pembeni na kuandika agizo kwenye rejista ya Windows. Mashine ikiwashwa upya, smss.exe, ambayo ni miongoni mwa programu za mwanzo kabisa kuamka, husoma agizo hilo na kubadilishana mafaili kabla hayajashikwa na mwingine. Agizo linalosubiri unaweza kuliona hivi:

```
reg query "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager" /v PendingFileRenameOperations
```

Likitokea jina la faili, kuna kazi haijaisha. Lisipotokea, usihitimishe kwamba hakuna kinachosubiri, kwani Windows ina njia nyingine pia za kuweka viporo.

Madhara ya kuahirisha yanaeleweka vizuri kwa mfano wa kirusi cha WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho MS17-010 kuziba tundu lililokuwa kwenye srv.sys, draiva ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao. Kirusi kikaanza kusambaa tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Mashine iliyokuwa imepokea sasisho hilo lakini haijawashwa upya ilikuwa bado inaendesha srv.sys ya zamani kwenye kumbukumbu, na kirusi hushambulia kile kinachoendeshwa, hakiangalii kilichohifadhiwa kwenye diski.

Hapa ndipo tunapojibiwa, "Mbona mimi nazima kila jioni?" Tumelieleza hili mara nyingi, na tunaomba lisomwe kwa makini. Kuanzia Windows 8 kuna kipengele kiitwacho Fast startup. Kikiwa kimewezeshwa, ukichagua Shut down programu zako hufungwa, lakini kiini na draiva huhifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys na asubuhi hurudishwa vilevile vilivyokuwa. Restart ndiyo huviachia vyote na kuanza upya. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, usome Up time. Ukikuta siku 19 ilhali jana ulizima, umepata jibu lako.

Wanaosimamia seva za Linux wana tatizo la upande wa pili. Huko masjala huweka jalada jipya rafuni kwa jina lile lile, na afisa huachwa aendelee na nakala ya zamani mpaka aimalize. Hakuna anayedai chochote, na huo ndio mtego: OpenSSL imesasishwa, lakini huduma ya tovuti iliyoamka mwezi uliopita bado inatumia ile yenye tundu. Amri hii huonyesha walioshikilia nakala zilizokwisha kuondolewa:

```
sudo lsof -n | grep -w DEL
```

Mara nyingi inatosha kuanzisha upya huduma husika peke yake. Kiini kikibadilishwa, seva nzima iwashwe upya. Ubuntu hukumbusha kwa kuweka faili /var/run/reboot-required.

Kuhusu utaratibu wetu wa ndani: ujumbe wa kuwasha upya ukitokea, mtumiaji ana siku 5 za kazi za kutekeleza. Siku ya 3 atapata ukumbusho kwa barua pepe, nakala kwa msimamizi wake. Siku ya 6 kompyuta huondolewa kwenye mtandao, na hurejeshwa baada ya fundi wetu kuikagua na kusaini fomu. Mwenye kazi isiyokatizwa, kwa mfano wahasibu wakati wa kuandaa mishahara, aombe nyongeza kabla ya siku ya 5. Nyongeza ni siku 2, hutolewa mara moja kwa kila sasisho, na haitolewi kwa sasisho linaloziba tundu ambalo tayari linashambuliwa. Ombi la mdomo kwenye korido halipokelewi, kwa sababu haliachi kumbukumbu.