Kwa nini hatupitishi gari lililozibwa breki za nyuma

Tangu sisi wakaguzi wa magari tuanze kupima breki za kila gurudumu peke yake, malalamiko ya wenye magari madogo yameongezeka. Lalamiko ni lile lile: "Gari langu linasimama vizuri, hendibreki inashika, mbona mnanizuia?" Mara nyingi ukweli ni kwamba silinda ndogo ya gurudumu la nyuma ilianza kuvuja, fundi akaliziba bomba la mafuta ya breki linaloelekea huko, na mwenye gari akaambiwa kuwa breki za mbele zinatosha. Hazitoshi, hasa kwa anayeishi kwenye milima yetu ya Mbeya.

Chukua Toyota IST, maana ndiyo tunayoiona zaidi kwenye foleni ya ukaguzi. Mbele ina diski, nyuma ina dramu. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu ikiwa wazi. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, na pedi mbili zinaibana sahani hiyo kutoka pande zote mbili. Dramu ni chungu cha chuma kilichofunikwa. Ndani yake silinda ndogo inazitanua breki shuu mbili zikandamize ukuta wa dramu kwa ndani.

Watu wengi wanaamini dramu ni breki duni iliyowekwa ili gari liuzwe bei nafuu. Ni kweli kwamba gharama yake ni ndogo, lakini dramu ina sifa ambayo diski haina: inajisaidia yenyewe. Gari likienda mbele, mzunguko wa dramu unaivuta shuu moja na kuibana zaidi ukutani, hivyo nguvu ndogo ya mafuta inazaa msuguano mkubwa. Tena ni rahisi kuifungia waya wa hendibreki. Ndiyo maana hata baadhi ya magari makubwa yenye diski nyuma, Prado mojawapo, yamefichwa dramu ndogo katikati ya diski kwa ajili ya hendibreki tu.

Udhaifu wa dramu ni joto. Kwa kuwa imefunikwa, hupoa polepole. Ikipata moto inapanuka na ukuta wake unazikimbia shuu, kwa hiyo pedali inazama zaidi. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea pedi, na upepo unaipoza muda wote gari linapotembea. Kwa hiyo swali la wapi iwekwe ipi linajibiwa na mahali joto linapozalishwa zaidi.

Hapo ndipo uzito unapoingia. IST yenye abiria inaweza kufika kilo 1,400. Ikiwa imesimama, tuseme kilo 770 ziko kwenye magurudumu ya mbele na 630 nyuma. Ukikanyaga breki kwa nguvu, zaidi ya kilo 200 zinahamia mbele, na nyuma kunabaki kama 415. Tairi lisilo na uzito halina mshiko. Likibanwa sana linaganda na kuteleza, na matairi ya nyuma yakiteleza kabla ya ya mbele gari linageuka na kutanguliza mkia. Waliolisanifu gari wamezipa breki za mbele sehemu kubwa ya kazi, na za nyuma takribani robo hadi theluthi. Kazi hiyo dramu inaimudu vizuri.

Sasa ziba hiyo robo, kisha shuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela. Barabara inateremka takribani mita 1,000. Nishati ambayo gari la kilo 1,400 linapaswa kuimaliza njiani inatosha kuchemsha ndoo mbili za maji za lita 20. Ukishuka kwa gia ndogo, injini inachukua sehemu kubwa ya nishati hiyo. Ukishuka kwa D au kwa gia huru huku mguu ukiwa kwenye breki, karibu yote inaishia kwenye vyuma vya breki. (Kushuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta ni jambo ambalo tumelikataza mara nyingi, na bado linafanyika.) Dramu zikiwa zimezibwa, diski mbili za mbele zinabeba joto lililoongezeka kwa theluthi moja au zaidi.

Joto hilo linapita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205. Yakikaa muda mrefu yanafyonza unyevu wa hewa, na kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kirahisi. Unakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, gari linaendelea. Kwenye tambarare ya Uyole gari hilo hilo lilisimama bila shida, ndiyo maana mwenye gari anatubishia kwa dhati.

Hendibreki nayo haithibitishi chochote hapa. Inavuta shuu kwa waya, haitumii mafuta. Bomba linaweza kuwa limezibwa kwa gololi au limekunjwa kwa koleo, na hendibreki ikashika kama kawaida.

Kipimo ni hiki, na fundi yeyote anakifanya kwa dakika chache. Gari likiwa mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, inua nyuma kwa jeki na ulikalishe kwenye stendi. Weka gia huru, achia hendibreki, washa injini. Mtu mmoja akanyage pedali, mwingine ajaribu kuzungusha kila gurudumu la nyuma kwa mkono. Likizunguka, breki ya upande huo haifanyi kazi. Tazama pia upande wa ndani wa tairi na bamba la nyuma ya dramu: unyevunyevu wa mafuta hapo ni silinda inayovuja.

Matengenezo yake ni kubadilisha silinda, kubadilisha shuu za pande zote mbili kama zimelowa mafuta, kupima kipenyo cha dramu kisizidi kile kilichoandikwa juu yake baada ya neno MAX, kisha kujaza mafuta mapya ya breki na kutoa upepo uliomo kwenye mabomba yake. Shuu iliyolowa haisafishiki kwa petroli, hata kama mmeambiwa hivyo gereji.

Kuhusu hatua tunazochukua: Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari bovu kutumika barabarani. Faini ya papo kwa papo hutozwa kwa kosa. Unapewa namba ya malipo na unalipa kwa benki au kwa simu. Usimkabidhi askari fedha taslimu. Kulipa faini hakulirudishi gari barabarani. Gari linabaki limezuiwa hadi litengenezwe na kukaguliwa upya, na likiwa limezibwa breki lipelekwe gereji kwa kubebwa au kuvutwa, lisiendeshwe. Siku ya kulirudisha, njoo na kadi ya gari, karatasi ya ukaguzi wa kwanza, na silinda ya zamani aliyoitoa fundi. Hiyo silinda tunaiomba kwa sababu wapo wanaoletewa bili ya silinda mpya wakati kilichobadilishwa ni gololi peke yake.