Mama wa pipa amechosha? Kusoma ufikiaji na marudio ya tangazo linalokaa muda mrefu mtandaoni

"Jamani, huyu mama na pipa lake hadi lini?"

Maoni hayo yaliandikwa chini ya video yetu ya homa ya dengi, wiki ya saba tangu tuanze kuirusha Facebook na Instagram kwa watu wa Mvita, Nyali, Kisauni na Likoni, Mombasa. Video yenyewe ni ya sekunde 20. Mama anafunika pipa la maji uani, kisha anaeleza kwamba mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi tunayoyaweka kwa sababu mfereji hautoki kila siku. Mwenzangu aliyasoma, akacheka, akasema ni mtu mmoja tu mwenye kero zake. Mimi nikaenda kwenye hesabu, kwa kuwa anayechoka na tangazo kwa kawaida haandiki kitu. Hulipita tu kwa kidole.

Hesabu inaanza na safu tatu za Ads Manager, ukurasa wa Facebook wa kusimamia matangazo. `Impressions` ni mara ambazo tangazo limeonekana. `Reach`, yaani ufikiaji, ni idadi ya walioliona, kila mmoja akihesabiwa mara moja hata kama ameliona mara kumi. `Frequency`, yaani marudio, ni ya kwanza ukiigawa kwa ya pili:

```
Frequency = Impressions / Reach
```

Tarakimu ninazotumia hapa nimezisawazisha ili zifuatike bila kikokotoo. Wiki ya kwanza video ilionekana mara 90,000 kwa watu 60,000, yaani kila mmoja aliiona mara 1.5. Wiki ya nne ilikuwa mara 92,000 kwa watu 46,000, marudio 2.0. Wiki ya nane, mara 93,000 kwa watu 31,000, marudio 3.0. Pesa tuliyolipa kila wiki ni karibu ile ile na mara za kuonekana ni karibu zile zile, ila wanaoona wamepungua nusu. Video ilikuwa inazunguka nyumba zile zile kama muuza kahawa aliyesahau kwamba mji una mitaa mingine.

Hili hulioni ukifungua ripoti ya miezi miwili kwa pamoja. Wiki nane zikijumlishwa zinatoa mara 736,000 kwa watu kama 113,000, wastani wa 6.5, na hiyo 6.5 haikwambii kama hali imebadilika jana au mwezi uliopita. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, gawanya ripoti wiki kwa wiki.

Lakini usizijumlishe hizo wiki upande wa ufikiaji. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena mbele ya wakubwa. Nilichukua watu wa kila wiki, nikawaunganisha, nikapata 354,000, nikatangaza kwa furaha. Mtu aliyeiona video kila wiki nilikuwa nimemhesabu mara nane. Mara za kuonekana hujumlishwa, watu hawajumlishwi. Ukitaka watu wa wiki nane, weka tarehe za wiki nane zote na uiache mitambo ya Facebook iwachambue.

Kanuni hiyo hiyo inakupa kipimo ninachokitegemea kuliko vingine, yaani sehemu ya wapya. Toa ripoti ya tangu siku ya kwanza hadi mwisho wa wiki ya saba, kisha nyingine hadi mwisho wa wiki ya nane. Tofauti ya ufikiaji wa ripoti hizo mbili ni watu walioiona video kwa mara ya kwanza katika wiki ya nane. Kwetu walikuwa 930 kati ya 31,000, asilimia 3. Wiki ya nne walikuwa 9,200 kati ya 46,000, asilimia 20. Kwa lugha ya nyumbani, wiki ya nane karibu kila shilingi ilikwenda kwa mtu anayemjua mama wa pipa tayari.

Wastani nao una ujanja wake. Marudio 3.0 hayana maana kwamba kila mtu aliona mara tatu. Tuseme nusu ya wale 31,000 waliona mara moja moja. Basi nusu iliyobaki waligawana mara 77,500, ambazo ni tano kwa kila mmoja ndani ya siku saba. Aliyeandika yale maoni bila shaka ni wa kundi hili, na hakutia chumvi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kuna namba moja ya hatari, tatu au tano. Marudio ya tatu kwa video ya kuchekesha na ya tatu kwa onyo la kutisha si kitu kimoja.

Sasa, je, ni uchovu kweli? Marudio yakipanda peke yake hayathibitishi. Wiki ya kwanza waliobofya walikuwa 1,080, asilimia 1.2 ya mara za kuonekana. Wiki ya nane walikuwa 558, asilimia 0.6. Kila mbofyo ulitoka shilingi 12.50 ukafika 25. Hapo wengi hulalamika kwamba matangazo yamepanda bei, na kuna nyakati ni kweli, mathalani Ramadhani au kampeni za uchaguzi, kila mtu anapogombania macho yale yale. Angalia bei ya kuonekana mara elfu moja, iliyoandikwa `CPM`. Ikipanda huku kiwango cha kubofya kimetulia, soko ndilo limebana. Kwetu ilibaki shilingi 150 tangu mwanzo. Bei haikusogea, watu ndio waliosogea.

Tulimaliza ubishi kwa jaribio la wiki mbili. Video ya mama wa pipa tuliipeleka Changamwe na Jomvu, ambako haijawahi kulipiwa. Kwa wale wa zamani tukarusha video mpya, fundi wa gereji akimwaga maji yaliyotuama ndani ya matairi. Mama wa pipa akapata kiwango cha kubofya cha asilimia 1.1 kwa wageni, fundi akapata 1.0 kwa wenyeji. Video ya zamani haikuwa mbovu, ila kwa watu wale ilikuwa imekwisha. Kama mama wa pipa angeanguka hata Changamwe, ningetafuta kasoro kwenye video yenyewe. Na ipya iwe mpya kweli. Kubadilisha rangi ya maandishi huku sekunde tatu za mwanzo zikibaki zile zile hakumdanganyi mtu, kidole kinaitambua kabla ya jicho.

Ufikiaji ni makadirio ya akaunti, si hesabu ya vichwa. Simu moja inayotumiwa na familia nzima huonekana mtu mmoja, na video iliyochukuliwa ikasambazwa WhatsApp haimo kabisa. Wiki yenye mibofyo 20 tu usiitolee hukumu, kwa sababu watu wanne wakiongezeka mstari wote unaruka.

Linalonisumbua mpaka leo ni jingine. Mtu aliyefunika pipa lake wiki ya pili ana sababu gani ya kubofya wiki ya nane? Kwenye jedwali, aliyechoka na aliyetekeleza wanafanana kabisa. Ilibidi tupite nyua kadhaa za Kisauni kutazama mapipa. Kwenye ua wa pili tulikuta pipa limefunikwa vizuri kwa turubai na kamba, na mwenye nyumba alipomwona mwenzangu na fulana yetu akasema, "Nyinyi ndio wa yule mama? Mwambieni nishafunika, aniache nipumzike."