Risiti ya EFD: nini kinaifanya iwe halali

Risiti ya EFD ni risiti ya mauzo ambayo taarifa zake hubaki kwenye kumbukumbu ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti, na kutumwa kwa mtandao TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania. Karatasi yenye jina la duka na jumla ya bei haitoshi, hata ikiwa imechapwa vizuri namna gani.

Ndiyo maana usajili unatangulia. Mwenye duka akishakuwa na TIN, namba yake ya mlipakodi, hununua mashine kwa wakala aliyeidhinishwa na TRA, si kwa mtu anayeiuza mkononi. Wakala huiombea mashine usajili kwa jina la mfanyabiashara huyo, na TRA huipa namba yake ya utambulisho. Tangu hapo mashine ni ya TIN hiyo. Kumwazima jirani ambaye yake imeharibika ni kumwandikia mauzo yake kwenye hesabu zako, na kodi yake utadaiwa wewe.

Risiti yenyewe huanza na maneno `START OF LEGAL RECEIPT` na kumalizika kwa `END OF LEGAL RECEIPT`. Kati yake kuna jina la biashara, TIN, VRN kwa aliyesajiliwa VAT, namba ya risiti, tarehe na saa, bidhaa, kodi, kisha msimbo wa uhakiki na QR. Mteja mwenye shaka huingiza msimbo huo kwenye `verify.tra.go.tz` na kulinganisha. Jumla ya kwenye tovuti ikitofautiana na ya kwenye karatasi, kuna mchezo umefanyika.

Kosa ninaloliona limejificha zaidi ni la kundi la kodi. Tuseme duka lililosajiliwa VAT limeuza feni kwa shilingi 59,000, kodi ikiwa ndani. Feni ikiwa kwenye kundi A, lenye asilimia 18, risiti itaonyesha 50,000 ya bidhaa na 9,000 ya kodi. (Usipige asilimia 18 ya 59,000, gawa kwa 118, zidisha kwa 18.) Ikiwa aliyeingiza bidhaa kwenye mashine aliiweka kundi E, la zilizosamehewa, mteja atalipa 59,000 ileile, lakini kodi itasomeka sifuri. Dukani hakuna atakayeshtuka. Hivyo, kila bidhaa mpya ikiingizwa, soma mstari wa kodi kwenye risiti yake ya kwanza.

Kosa la bei nalo lirekebishwe kabla ya kufunga risiti. Ikishatoka, kumbukumbu haifutiki, na kuichana karatasi hakusaidii chochote.

Jioni hutolewa ripoti ya Z, inayofunga mauzo ya siku. Zihesabu fedha za droo, za simu na za mkopo kwa pamoja kabla ya kuilinganisha, kwa sababu Z hujumlisha risiti zote, hata za wateja ambao bado hawajalipa.