Boriti inayosokotwa: yanayosemwa saiti na hesabu inavyoonyesha

Tuchukue boriti moja tuifuate mpaka mwisho. Ina upana wa mm 300 na kimo cha mm 500, imevuka mita 4 kati ya nguzo mbili, na ubavuni mwake imetokeza slabu ya kivuli cha mlango ya mita 1.2, ambayo ncha yake ya nje haikushikiliwa na kitu. Zege ni C25/30, nondo ni za MPa 500, na tunafuata Eurocode 2. Mzigo wa slabu, baada ya kuzidishwa kwa vigezo vya usalama, ni kN 10.4 kwa mita, nao umekaa mita 0.75 kutoka katikati ya boriti. Kila mita inapata msokoto wa kNm 7.8, na kwenye nguzo unakuwa umefika kNm 15.6. Ukiongeza ukuta wa juu na uzito wa boriti yenyewe, nguvu ya mkato hapo ni kN 50.

"Zege lenyewe linatosha, weka ringi za kawaida tu."

Dhana hii inadanganya kwa sababu ukipima kila nguvu peke yake, inapita. Zege la boriti hii linaweza kubeba msokoto wa takriban kNm 18.8 kabla ya kupasuka, na mkato wa takriban kN 53. Lakini nguvu hizi mbili zinalila zege lilelile kwa wakati mmoja, kwa hiyo uwiano wake hujumlishwa: 15.6/18.8 na 50/53 vinatoa karibu 1.8, na kikomo ni 1. Isitoshe, hapa msokoto hauna pa kukimbilia. Boriti ikilegea, slabu inaanguka. Ni tofauti na boriti ya pembeni ya sakafu, ambako slabu inaweza kuhamishia mzigo kwingine.

"Jumlisha nondo za mkato na za msokoto, basi."

Ndiyo, zinajumlishwa, ila hapa ndipo wengi huteleza. Msokoto unabebwa na ganda la nje la boriti, kama bomba. Unene wa ganda ni eneo la boriti gawanya kwa mzingo wake, yaani mm 94. Eneo lililozungukwa na mstari wa katikati ya ganda, Ak, ni mm² 83,600. Tuchukue nyufa za nyuzi 45, T ikiwa msokoto, V mkato, fywd nguvu ya nondo za ringi baada ya kugawanywa kwa kigezo cha usalama, na z umbali wa wima kati ya mgandamizo na mvutano wa mpindo:

```
msokoto: T / (2 · Ak · fywd) = 0.214 mm²/mm
mkato:   V / (z · fywd)      = 0.284 mm²/mm
```

Namba ya kwanza ni ya mguu mmoja wa ringi. Ya pili ni ya miguu yote miwili. Ukizijumlisha hivyohivyo unapata 0.498, unaigawa kwa miguu miwili ya nondo ya mm 8, unaandika ringi kila mm 200 na mchoro unaonekana safi kabisa. Hesabu sahihi ni 0.214 + 0.142 = 0.356 kwa kila mguu, yaani kila mm 141. Tuandike mm 125. Ile ya mm 200 ina upungufu wa karibu asilimia 30. Miguu ya ndani ya ringi za miguu minne husaidia mkato tu, kwenye msokoto usiihesabu.

"Nondo za ziada ziende chini, kwenye mvutano."

Msokoto unavuta boriti kwa urefu kwenye nyuso zote nne. Mzingo wa ule mstari wa katikati ya ganda ni mm 1,224, hivyo nondo za ziada ni 0.214 × 1,224, sawa na mm² 262. Zigawe sita: nne za kona na mbili katikati ya ubavu, kwa kuwa umbali kati ya nondo usizidi mm 350 na hapa kati ya juu na chini kuna kama mm 400. Kila nafasi inadai mm² 44. Ubavuni weka nondo ya mm 10. Chini, mpindo unataka mm² 284; ongeza 88 za kona mbili, na nondo 2 za mm 16 zinatosha. Ziingie ndani ya nguzo na kutiwa nanga kamili, maana msokoto mkubwa uko hapohapo.

Wapo wanaolaza nyufa kwenye hesabu mpaka cot θ = 2.5, θ ikiwa pembe kati ya ufa na urefu wa boriti, ili kupunguza ringi. Inaruhusiwa, lakini nondo za urefu zinapanda kwa kiasi hichohicho, kutoka mm² 262 hadi 655, na pembe hiyo lazima itumike pia kwenye mkato.

"Ringi ni ringi, ndoano ya nyuzi 90 inatosha."

Ganda la nje likianza kubanduka, ndoano iliyolala ndani ya ganda hilo inafunguka nalo. Ikunjwe nyuzi 135, mkia uingie ndani ya kiini. Ukikagua boriti iliyokwisha pasuka, zunguka pande zote mbili: nyufa za mkato tupu hupanda kwa mwelekeo uleule pande zote, ila za msokoto huzunguka boriti, zikipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Anza na ubavu wenye slabu, kwa sababu huko mkato na msokoto vinasukuma upande mmoja.