Mteremko usiochorwa: hesabu ya zege na simiti kwa rafti ya nyumba ndogo

Kuna mjengo mmoja wa mtaa wa Utawala, Nairobi, ambao siusahau. Ilikuwa saa kumi jioni, mikisa ikinguruma tangu asubuhi, na fundi akaniita akiwa amesimama juu ya mfuko wa mwisho wa simiti. Rafti, yaani bamba moja la zege linalobeba nyumba nzima, ilikuwa haijafika ukuta wa mwisho. Hesabu ilikuwa yangu, na niliifanya nikiwa ofisini kwa kupima mchoro.

Simiti nyingine ilifika baada ya saa mbili hivi kwa tukutuku. Nilibonyeza ukingo wa zege kwa kidole gumba, haukubonyea. Ilibidi tuuchimbue kwa patasi mpaka kokoto zikatokeza, tukaulowesha na kuupaka uji wa simiti ndipo tukaendelea. Zege jipya halishikani vizuri na lile lililoanza kukaza. Hubaki mstari, na rafti iliyokusudiwa kuwa kipande kimoja inakuwa na mahali dhaifu. Tangu siku hiyo sikubali kuagiza simiti ya rafti kabla sijashuka ndani ya shimo na kutazama upande wa ndani wa biimu ya ukingo.

Nieleze kwa nini. Sehemu nyingi za mashariki mwa Nairobi, kama Embakasi, Utawala na Ruai, zina ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikifika. Nyumba ndogo huko mara nyingi huwekwa juu ya rafti yenye kingo zilizonenepeshwa kwenda chini, ndizo biimu za ukingo, ili isipinde udongo unapocheza. Udongo mweusi huchimbwa na kutolewa, kisha hujazwa hadikoo, yaani mawe ya kujazia, na kushindiliwa. Sasa, hadikoo iliyoshindiliwa haisimami wima kama ukuta. Ukichimba mtaro wa biimu ukingoni mwake, upande wa ndani unaporomoka, kwa hiyo mafundi huulaza. Mteremko huo hujaa zege. Kwenye mchoro wangu wa siku ile biimu ilikuwa mstatili safi, na mimi nikahesabu mstatili.

Tuchukue nyumba yenyewe, kwa vipimo vinavyoeleweka. Rafti ni mita 8 kwa mita 6, ukipima nje hadi nje. Slebu, ile sehemu tambarare ya bamba, ina unene wa milimita 200. Biimu ya ukingo ina upana wa milimita 300 chini, na kina chake chote ni milimita 600 kutoka juu ya slebu. Kuta za ndani ni nyepesi, hivyo hakuna biimu ya katikati. Vipimo hivi hupangwa na injinia baada ya kujua udongo na mzigo. Mimi kazi yangu ni kupima kile alichochora na kile kilichochimbwa.

Naanza na slebu, ikiwa nzima hadi ukingo wa nje: 8 mara 6 mara 0.2. Hapo tumeshahesabu milimita 200 za juu za biimu, kwa sababu slebu inapita juu yake. Kwa hiyo biimu iliyobaki ni milimita 400 tu, ile inayoning'inia chini ya slebu. Urefu wake siupimi kwa ukingo wa nje, kwa kuwa pembe nne zingehesabiwa mara mbili. Naupima katikati ya upana wa biimu: mzingo wa nje ni mita 28, natoa upana wa biimu mara nne, yaani mita 1.2, inabaki mita 26.8.

Halafu ndio mteremko. Ukilazwa nyuzi 45, unaingia ndani milimita 400 kwa kushuka milimita 400. Ukiukata na kuutazama ubavuni ni pembetatu, na eneo lake ni nusu ya 0.4 mara 0.4, yaani mita mraba 0.08. Urefu wake naupima theluthi moja ya njia kutoka kwenye biimu, kwa sababu zege jingi la pembetatu liko upande huo wenye kina. Inatoka mita 24.5 kuzunguka nyumba.

```
slebu      8.0 x 6.0 x 0.20  =  9.60
biimu     26.8 x 0.30 x 0.40 =  3.22
mteremko  24.5 x 0.08        =  1.96
jumla                          14.78 m3
```

Ule mteremko ambao haukuchorwa ni karibu mita za ujazo 2. Ndio uliotuachia shimo siku ile.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu nyingine ninayokutana nayo kila mara, kwa sababu inaonekana sawa. Fundi huchukua slebu nzima, 9.60, kisha huongeza biimu kwa kina chake chote na mzingo wa nje: 28 mara 0.3 mara 0.6, ambayo ni 5.04. Anapata 14.64. Karibu kabisa na jibu langu! Lakini amehesabu sehemu ya juu ya biimu na zile pembe mara mbili, kisha akasahau mteremko, na makosa hayo mawili yakalingana. Nimewahi kumwona fundi mmoja akiitumia hesabu hiyo kwa nyumba ya kwanza, simiti ikatosha vizuri, akaamini. Nyumba ya pili ilikuwa na ramani ileile, ila huko waliujenga upande wa ndani wa mtaro kwa tofali, ukawa wima. Hapo mteremko haukuwepo, na zege lililohitajika lilikuwa 12.82 tu. Mama mwenye nyumba alibaki na mifuko 15 ya simiti sakafuni mwa stoo ya mabati wakati wa mvua za Aprili. Alipokuja kuitumia kwa plasta, mingi ilikuwa imeshakuwa mawe.

Basi, kutoka zege kwenda kwenye mifuko. Kwa rafti kama hii, ikiwa injinia ametaja zege la klasi ya 25, mchanganyo wa mjengoni huwa simiti 1, mchanga 1 na nusu, balasti 3. Mita moja ya ujazo ya zege lililoshindiliwa hula karibu mita 1.54 za vifaa vikavu, kwa sababu simiti huingia kwenye nafasi za mchanga, na mchanga kwenye nafasi za balasti. Gawanya 1.54 kwa sehemu 5 na nusu, sehemu ya simiti ni mita 0.28 za ujazo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban 0.035. Kwa hiyo ni mifuko 8 kwa kila mita ya ujazo, na kwa maneno mengine kila mfuko unakupa zege la mita 0.125 za ujazo.

Naongeza asilimia 5 kwa kinachomwagika na kinachobaki kwenye mikisa: 14.78 inakuwa 15.52. Mara 8, ni mifuko 124 na kidogo. Naagiza 125.

Hiyo mifuko 8 ina maana tu kama mchanganyo unapimwa kweli. Wilbaro si kipimo, maana moja hujazwa hadi ukingoni na nyingine hujazwa kilima. Mimi huomba seremala wa mjengo atengeneze sanduku la mbao lisilo na kitako, sentimita 40 kwa 35 kwa kimo cha 25. Linachukua ujazo wa mfuko mmoja hasa. Kwa kila mifuko 2 ya simiti ni masanduku 3 ya mchanga na 6 ya balasti, yakisawazishwa kwa ubao.

Usisahau lile zege hafifu la kusawazishia, milimita 50 juu ya hadikoo kabla ya nailoni na vyuma. Hulifunika shimo lote pamoja na mteremko, kwa hiyo eneo si mita mraba 48 bali kama 52, ambazo ni mita 2.6 za ujazo. Hapo naweka asilimia 10, kwa sababu hadikoo ina mashimo. Kwa mchanganyo wa 1 kwa 3 kwa 6 ni mifuko 4.4 kwa mita ya ujazo, jumla mifuko 13. Mifuko ile 125 na hii 13 inafika 138, na ndiyo ninayoandika kwenye oda.

Kabla ya kuagiza, napima unene halisi. Natandaza uzi kutoka mbao ya kuzuia zege ya upande huu hadi ya upande ule, ukiwa umekazwa juu ya mbao zote mbili, kisha nashusha futi kutoka kwenye uzi hadi kwenye zege la kusawazishia, kila baada ya mita moja. Nikisogeza uzi mara tano sita nimeshaona rafti yote. Namba zinapaswa kuwa 200. Ikiwa wastani ni 220, hizo sentimita 2 juu ya mita mraba 48 ni mita 0.96 za ujazo, karibu mifuko 8, ambazo hakuna asilimia 5 itakayozimeza. Kwenye mteremko nashusha futi hiyohiyo na kupima umbali kutoka uso wa biimu hadi pale hadikoo inapoanza kuwa tambarare. Hesabu yangu inasema 400, na nimeshakuta 550. Ukikuta 550 kila mahali, eneo la pembetatu linaruka kutoka 0.08 hadi 0.11, na hesabu inapaswa kufanywa upya kabla ya lori la simiti kuitwa.

Siku ya kumwaga, nachomeka kigingi nje ya mbao, mita 4 kutoka pande zote mbili. Nyumba hii ni sawa kushoto na kulia, kwa hiyo zege likifika kwenye kigingi, biimu na slebu kwa pamoja, tumemwaga nusu kamili. Namwomba kijana mmoja asitupe mifuko mitupu, aipange mafungu ya kumi kumi chini ya jiwe ili upepo usiichukue. Kwenye kigingi inapaswa kuwa kati ya 59 na 62. Ikiwa 52, kuna mahali wamepunguza simiti, nami nasimamisha mikisa na kurudi kwenye sanduku. Ikiwa 70, nusu iliyobaki nayo itakula 70, na tunazo 55. Saa hiyo huwa adhuhuri, hadiweya ziko wazi, na mifuko 15 inaweza kufika wakati zege bado ni bichi.