Usihesabu foleni, muulize aliye mbele kafika saa ngapi

Chukua programu ya kutuma meseji za risiti kwa wateja. Wengi tunaangalia idadi ya zinazosubiri, na idadi inadanganya sana. Mwisho wa mwezi zinaingia 6,000 kwa mpigo, alamu inalia, watu wanaamshwa, kumbe programu inatuma 50 kwa sekunde na ndani ya dakika mbili foleni imeisha. Halafu saa tisa usiku programu imekufa kabisa ila kwa vile wateja wamelala foleni ina meseji 4 tu, hakuna anayeshtuka.

Ndo maana mi naangalia umri wa ile iliyokaa kuliko zote, yaani toka imeingia mpaka sasa hivi imesubiri muda gani. Kwenye Postgres ni hivi tu:

```sql
SELECT now() - min(created_at)
FROM meseji
WHERE status IN ('pending', 'processing');
```

Programu ikiwa nzima grafu inapanda na kushuka kama meno ya msumeno, ikifa inakuwa mstari ulionyooka, kila dakika inayopita umri unaongezeka dakika moja. Na kiwango cha alamu hukibahatishi, kama mteja kaahidiwa risiti ndani ya dakika 5 basi alamu ilie kabla ya hapo, tuseme dakika ya 3.

Hiyo `processing` usiiache, mi iliniponza. Tulikuwa tunahesabu `pending` peke yake, programu ikabeba meseji 20, ikaziandika `processing`, seva ikazima palepale, ilipowaka ikaendelea na `pending` tu. Zikabaki hapo hazina mwenyewe, grafu inasoma sifuri, tumetulia zetu, kesho yake ndo mteja anapiga simu anauliza risiti yake. Kosa jingine ni kubadilisha `created_at` kila meseji ikirudiwa kutumwa, hapo kila ikirudiwa inakuwa changa tena na tatizo halionekani ng'o.

Ila kuna meseji moja korofi inaweza kukuchanganya, mfano namba ya simu imepungua tarakimu, inagoma kila ikijaribiwa, umri unapaa wakati wenzake wote wanapita vizuri. Utaijua kwa kuangalia zilizotumwa dakika 5 zilizopita, zikiwa zinaenda kama kawaida basi aliyekwama ni mmoja. Mpe majaribio 5 kisha mwandike `failed`, atoke foleni. Wanaotumia Amazon SQS wajue kipimo chao cha `ApproximateAgeOfOldestMessage` kikikuta meseji imeshachukuliwa zaidi ya mara 3 bila kufutwa kinairuka na kuangalia inayofuata, kwa hiyo hiyo korofi hutaiona pale.

Foleni ikiwa tupu ile kwiri inarudisha `NULL`, ihesabu kama sifuri. Shida ni kwamba hata yule anayeingiza meseji akifa utaona sifuri hiyohiyo, so pembeni weka kipimo cha pili, meseji ya mwisho kuingia ilikuwa lini.