Lipstiki kwenye jino na kotmiri kwenye jino ni kazi mbili tofauti

Baada ya Sikukuu harusi hapa Unguja zinafuatana mpaka unakosa pa kupumulia, na mimi ninayepiga picha upande wa wanawake narudi nyumbani na memori kadi zimejaa watu wanaocheka. Mtu akicheka kwa raha meno yote nje, na kwenye meno hayo ndo unakuta lipstiki ya bi harusi imegusa jino, au jani la kachumbari limenasa kwa mama mtu. Wengi wanaoniuliza wanataka kujua nabonyeza kitu gani kuondoa, na mimi kabla ya kubonyeza chochote najiuliza swali moja tu: chini ya huo uchafu, jino bado linaonekana au halionekani?

Lipstiki ikigusa jino kwa kawaida inaacha utando mwembamba wa rangi. Ukizumu vizuri unaona jino lote lipo, mng'ao wake upo, mviringo wake upo, ila limepakwa wekundu. Chakula ni kitu kingine, jani limelala juu ya jino na jino la chini yake kamera haikuliona kabisa. Kwa hiyo kwenye lipstiki unabadilisha rangi tu na jino la mwenyewe linabaki, kwenye chakula inabidi uazime kipande cha jino kutoka pengine. Ukichanganya hizi mbili, ukatumia njia ya chakula kwenye lipstiki, unafuta jino zima zima na kuweka kiraka pasipo haja.

Nichukue picha moja niliyoifanyia kazi karibuni, ya bi harusi na mama yake wamekaa kwenye kochi karibu na dirisha, mwangaza unatoka kushoto kwetu tunaoangalia. Bi harusi ana lipstiki nyekundu iliyokoza na doa kwenye jino la mbele la juu, nusu ya chini. Mama yake kala pilau na kachumbari muda si mrefu na kotmiri imekaa baina ya jino la mbele na jirani yake wa kulia, juu kule kwenye fizi. Mama mwenyewe alinipigia simu, "Mwanangu, picha hiyo naitaka kubwa ukutani, lakini hilo jani lisiende ukutani na mimi." Nikamwambia, "Haliendi mama, nipe siku mbili."

Nilianza na bi harusi kwani ndo rahisi. Kwenye Photoshop nafungua leya mpya tupu juu ya picha, nabadilisha modi yake kutoka Normal kuwa Color. Modi hii inachukua rangi unayopaka lakini inaacha mwanga na kivuli cha picha ya chini kama kilivyo, yaani mng'ao wa jino na zile chembechembe za picha hazipotei. Nachukua brashi laini, ndogo kuliko doa, Opacity kama 30, nashika Alt na kubofya sehemu safi ya jino hilo hilo pembeni ya doa ili kuchota rangi yake, halafu napaka taratibu mara kadhaa mpaka wekundu uondoke. Uchote jino hilo hilo tafadhali, usichote jirani, kwani meno hayafanani rangi, chonge huwa la manjano zaidi kuliko meno ya mbele na ukilichota hilo bi harusi anapata jino lenye kutu. Na usikimbilie kuondoa rangi yote kwa kushusha Saturation mpaka mwisho, hakuna jino lisilo na umanjano kidogo, likikosa rangi kabisa linakuwa kijivu kama limekufa.

Hapa wengi wanaishia, halafu wanashangaa mbona bado kuna kivuli. Wekundu umeondoka lakini lipstiki ilikuwa pia imelitia jino giza na modi ya Color haigusi giza. Naweka juu yake leya ya Curves, ya kurekebisha mwanga na giza, nainua katikati ya mstari wake kidogo tu, nabofya maski yake, ile pazia inayoficha au kufunua leya, na Ctrl+I ili iwe nyeusi, halafu kwa brashi nyeupe nafungua pale pale palipokuwa na doa. Kujua kama imetosha naweka kwa muda leya ya Black & White juu ya zote. Rangi ikishaondoka machoni, kilichobaki ni mwanga na giza, kama doa bado lipo utaliona hapo hapo, na kama umelizidisha utaona kiraka cheupe. Nikiridhika naifuta hiyo leya.

Kuna kitu kimoja watu wanakifuta na hakikuwa uchafu. Midomo yenye rangi kali inatupa wekundu wake kwenye meno, hasa ukingoni karibu na mdomo, ni mwanga tu unaoruka. Utautambuaje? Wekundu wa mwanga umetandaa kidogo kidogo kufuata mdomo, unapita jino baada ya jino bila kukatika, lakini doa la lipstiki lina mpaka wake na mara nyingi limekaa jino moja au mawili. Huo wa mwanga uache. Ukiuondoa meno yanaonekana kama yamebandikwa mdomoni. Kwa bi harusi huyu niliacha wekundu wote wa ukingoni nikaondoa doa peke yake.

Haya, kotmiri ya mama.

Mtu akiona jani dogo kwanza anashika Spot Healing Brush, anabofya mara moja anasubiri. Likiwa katikati ya jino, limezungukwa na jino kila upande, inafanya kazi vizuri na mimi natumia. Lakini brashi za Healing zinachanganya rangi ya unapopaka na rangi za pembeni yake, na hapa pembeni kuna fizi ya waridi, kuna mstari mweusi baina ya meno, kuna mdomo. Vyote hivyo vinavutwa ndani na unapata ukungu mchafu, si jino si fizi. Kwenye mipaka kama hiyo natumia Clone Stamp, yenyewe inanakili kama ilivyo bila kuchanganya.

Leya mpya tupu tena, Clone Stamp, kule juu kwenye Sample nachagua Current & Below ili inakili kutoka picha ya chini lakini iandike kwenye leya yangu, nikiharibu nafuta leya tu picha haijaguswa. Ukali wa ukingo wa brashi, yaani Hardness, lazima ufanane na ukali wa picha yenyewe. Mama alikuwa kwenye fokasi vizuri, nikaweka kama 50. Brashi laini sana kwenye picha kali inaacha ukungu, na brashi kali kwenye picha laini inaacha alama za mkasi.

Natengeneza kwa mpangilio huu: fizi kwanza, halafu mstari, halafu uso wa jino. Baina ya meno mawili fizi inashuka kama pembetatu ndogo na chini yake unaanza mstari mwembamba wenye giza. Pembetatu ya mama ilikuwa imefunikwa yote na jani. Nikaazima ya upande wa pili, baina ya jino la mbele la kushoto na jirani yake, kwa sababu hayo ndo mapacha, ila yanatazamana kama kwenye kioo. Kwenye dirisha la Clone Source kuna kitufe cha kugeuza kushoto kulia, nakibonyeza, nabofya Alt kwenye ncha ya pembetatu ile, halafu napaka kuanzia pale ncha inapotakiwa iwe. Nikifika kwenye mstari naangalia uungane na mstari wake mwenyewe ulioko chini, ukipishana hata kidogo jino linaonekana limevunjika. Uso wa jino sikuazima mbali, nilichukua jino hilo hilo chini kidogo ya pale jani lilipoishia.

Tatizo la kugeuza ni mwangaza. Dirisha lilikuwa kushoto, kila jino lina mng'ao upande wake wa kushoto na kulia kuna kivuli, ukigeuza kipande mng'ao unahamia kulia na jicho linagundua kuna kitu hata kama mtu hawezi kusema ni nini. Kwa hiyo alama za mng'ao sizinakili kabisa. Kipande changu kilitoka cheupe zaidi ya mahali pake, nikaweka Curves juu yake, nikaifunga kwenye leya hiyo tu kwa Ctrl+Alt+G, nikashusha kidogo mpaka kikakaa. Mwisho nikaona jino la jirani limebaki na ukijani mwembamba pale jani lilipoligusa, na huo sasa ni rangi, jino linaonekana, kwa hiyo nikarudi kwenye ile leya ya Color kama ya bi harusi.

Lipstiki nayo ikiwa nzito, imeganda na ina mng'ao wake wenyewe, basi jino halionekani tena, ifanye kama chakula.

Kitu ninachokiogopa zaidi kuliko jani ni mwanya. Huku kwetu mwanya wa mbele ni uzuri wa mtu, na kompyuta haijui, kwake ni doa jeusi baina ya vitu viwili vyeupe. Ukipitisha Healing hapo karibu unaweza kuuziba au kuupunguza upande mmoja, na wewe umeshughulika na jani hata hukuona. Kabla sijaanza kwa mtu mwenye mwanya nanakili picha ya asili naiweka pembeni, nikimaliza nalinganisha mwanya na mwanya. Na bibi zetu wenye meno mekundu ya tambuu siyagusi mpaka waniambie wenyewe, hiyo si lipstiki wala chakula, hivyo ndivyo familia inavyowajua.

Wenye simu tu, app ya Snapseed ina Healing na inatosha kwa jani lililo katikati ya jino, zumu kwanza kwa vidole viwili mpaka jino lijae skrini, la sivyo kidole kinakula na mdomo. Doa la lipstiki pita na brashi ya Saturation ukishusha kidogo kidogo. Jani lililokaa baina ya meno karibu na fizi kwa simu mara nyingi halitoki safi, hapo sikudanganyi.

Na kama mpigaji ni wewe mwenyewe, piga nne tano mfululizo kila wanapocheka. Picha ya kabla au ya baada inaweza kuwa na ulimi umeshalisogeza jani, au mdomo umefunguka pembe nyengine na jino liko wazi. Unakata jino hilo tu kwa Lasso, unalileta juu ya picha unayoitaka, Opacity 50 ili uone chini, Ctrl+T unalilaza mpaka kingo zilingane, halafu unarudisha Opacity 100 na kulainisha ukingo kwa maski. Ila kichwa kisiwe kimegeuka, kikigeuka mwangaza hautakubali. Jino lake mwenyewe, mwanga ule ule, dakika ile ile, hakuna kiraka nitakachotengeneza mimi kikafika hapo.